Simu kwenye skrini ya gari: chaji inashuka au skrini inachelewa, tatizo liko wapi?

Wanaounganisha simu na skrini ya gari hulalamikia mambo mawili zaidi ya mengine: simu inaisha chaji njiani, au skrini inachelewa kuitikia mguso. Wengi hukimbilia kubadilisha redio yenye skrini hiyo. Mara nyingi kosa liko kwenye kebo, kwenye tundu la USB, au kwenye mpangilio mmoja wa simu, na unaweza kulikamata mwenyewe kabla ya kumwita fundi.

Kwanza ujue nani anafanya kazi gani. Kwenye Android Auto ya simu za Android na CarPlay ya iPhone, simu ndiyo inayochora ramani, inaigeuza kuwa video na kuituma kwenye redio. Redio inaionyesha tu, kisha inairudishia simu taarifa ya mahali ulipogusa. Ukitumia kebo, video, sauti ya muziki na mguso hupita kwenye USB, na kebo hiyohiyo inaipa simu umeme. Bila kebo, Bluetooth hutumika kwa utambulisho mwanzoni, halafu mzigo mkubwa unahamia kwenye Wi-Fi, kwa kawaida ile ya GHz 5. Kwa hiyo alama ya Bluetooth kuwaka haithibitishi kwamba muunganisho wa skrini ni mzima. Na kwa sababu simu inarusha video hewani muda wote, inakula chaji zaidi na kupata joto zaidi kuliko ikiwa kwenye kebo.

Kabla ya kugusa kitu chochote, fanya kipimo kimoja. Endesha nusu saa kwa kebo ukiwa na ramani na muziki, uandike asilimia ya betri mwanzoni na mwishoni. Siku nyingine rudia njia ileile bila kebo na bila chaja. Tatizo likionekana upande mmoja tu, umeshajua pa kutafuta. Likionekana pande zote mbili, anza na simu yenyewe.

Dalili: kebo imechomekwa, lakini chaji bado inashuka

Sababu ya kawaida kabisa ni tundu la USB lenye umeme mdogo. Matundu mengi ya USB ya magari na ya redio za kufunga baadaye hutoa ampea 0.5 kwa volti 5, yaani wati 2.5 tu. Yalitengenezwa kusoma flashi ya muziki, siyo kulisha simu inayoendesha ramani. Angalia skrini ya kufungua simu: ikiandika “Charging slowly” au “Inachaji polepole”, jibu umeshalipata.

Tuchukue safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro, saa nne pamoja na foleni ya kutokea mjini. Simu ina betri ya mAh 5000, yaani saa-ampea 5. Ukizidisha kwa volti 3.85 unapata kama saa-wati 19. Tuseme bila kebo simu inatumia wati 3, na kwa kebo inatumia 2.5 kwa kuwa hairushi video hewani.

Bila kebo na bila chaja, saa nne zitakula saa-wati 12, karibu asilimia 63 ya betri. Ukitoka Dar na asilimia 90, unafika Morogoro na kama 27. Ukitumia kebo kwenye tundu la ampea 0.5, baada ya upotevu kidogo njiani simu inapokea kama wati 2.1. Upungufu ni saa-wati 0.4 kila saa, hivyo unafika na kama asilimia 82. Chaji imeshuka, ila hakuna kilichoharibika. Njia ya tatu wengi hawaifikirii: acha muunganisho wa skrini uwe bila kebo, halafu simu ichajiwe kwa chaja nzuri ya ampea 2 iliyochomekwa kwenye tundu la kiwashia sigara. Hapo inapokea zaidi ya inachotumia, na utafika imejaa.

Matumizi ya simu yako hayatakuwa sawasawa na haya, lakini hesabu hii inakupa kigezo. Kushuka asilimia chache kwa saa ukiwa kwenye kebo ni kawaida ya tundu dhaifu. Kushuka asilimia 10 au zaidi kwa saa maana yake umeme hauingii ipasavyo, na hapo endelea kwa mpangilio huu:

1. Zima kioo cha simu. Android Auto na CarPlay hazihitaji kioo cha simu kiwake, na watu wengi hukiacha kinawaka safari nzima.
2. Badilisha kebo. Tumia fupi isiyozidi mita 1, yenye waya mnene. Kebo ndefu na nyembamba hupoteza volti kabla umeme haujafika kwenye simu.
3. Jaribu tundu jingine la gari. Angalia lile lenye alama ya simu, kwa kuwa matundu ya viti vya nyuma mara nyingi ni ya kuchaji tu na hayatakupa skrini.
4. Gusa mgongo wa simu. Ikiwa ya moto, soma sehemu inayofuata, maana simu yenye joto hupunguza au kusimamisha kuchaji yenyewe.
5. Nunua au azima kipima USB, kile kidude kidogo kinachochomekwa kati ya tundu na kebo. Ukiona volti zinashuka chini ya 4.75 simu inapochaji, tundu au waya wake wa nyuma una hitilafu.

Usinunue kebo yenye vichwa viwili vya USB kwa lengo la kuchanganya umeme wa chaja na wa redio. Umeme wa chaja unaweza kurudi ndani ya redio na kuunguza saketi ya USB. Usikate pia waya wa USB nyuma ya redio ili kuufunga kwenye umeme mwingine. Kama tundu ni dhaifu, suluhisho ni chaja ya pembeni.

Dalili: bila kebo, simu inachemka na chaji inayeyuka

Joto hapa lina vyanzo vitatu vinavyojumlishana: simu inachora ramani, inarusha Wi-Fi, na huenda ipo kwenye kibao cha kuchajia bila waya. Kuchaji bila waya hupoteza sehemu ya umeme kama joto, na joto hilo linaingia moja kwa moja kwenye mgongo wa simu, karibu na betri. Ongeza jua la saa saba mchana juu ya dashibodi, na simu itajilinda: itapunguza kuchaji, kisha itapunguza kasi ya prosesa. Hapo ndipo tatizo la chaji linapogeuka kuwa tatizo la kuchelewa, na mtu anailaumu redio.

Apple yenyewe inaelekeza iPhone itumike kwenye joto la mazingira la nyuzi 0 hadi 35. Ndani ya gari lililoegeshwa juani kiwango hicho hupitwa haraka. iPhone ikiandika “Charging On Hold”, inasubiri ipoe.

Ondoa simu juu ya dashibodi kwanza, uiweke palipo na kivuli, ikiwezekana karibu na tundu la kiyoyozi. Vua kava nene. Toa simu kwenye kibao cha kuchajia, na kama inahitaji chaji itumie kebo na chaja ya kiwashia sigara. Ikipoa na chaji ikapanda, basi kibao ndicho kilichokuwa kinakuumiza. Usiipoze kwa friji wala kwenye boksi la barafu, kwa sababu unyevu utageuka matone ya maji ndani yake.

Sababu nyingine hupatikana kwenye redio za bei nafuu zenye kitufe cha “Mirror Link” au “Phonelink”. Nyingi kati ya hizo hazitumii Android Auto wala CarPlay: zinanakili kioo chote cha simu kama kilivyo, na kwa hiyo kioo lazima kiwake muda wote. Hiyo ndiyo njia inayokula chaji kuliko zote na inayochelewa kuliko zote. Hakuna mpangilio utakaoiponya. Kama unahitaji ramani tu, acha simu iongee njia kwa sauti kupitia Bluetooth na uzime kioo. Na kama redio ilikutaka uwashe “USB debugging” ili ifanye kazi, izime ukimaliza safari, kwani ikiwa wazi inampa nafasi anayechomeka simu yako kwenye kompyuta.

Hapa simama: ukiona mgongo wa simu umetuna, kioo kimeinuka pembeni au simu haikai sawa mezani, betri imevimba. Zima simu, usiichaji, usiibonyeze irudi, usiiache ndani ya gari. Mpelekee fundi simu anayejua kubadilisha betri.

Dalili: ukigusa, skrini inaitikia baadaye, na sauti inachelewa

Kuna uchelewaji wa kawaida na uchelewaji wa hitilafu. Bila kebo, sauti huhifadhiwa kidogo kabla ya kupigwa ili isikatike Wi-Fi ikiyumba. Ndiyo maana ukiruka wimbo, ule wa zamani unaendelea kwa muda mfupi, pengine sekunde moja hivi. Kwa kebo muda huo ni mfupi zaidi. Mtu anayehangaika na ramani ya mji asioujua, atafaidika na kebo kwa sababu hii tu.

Uchelewaji ukizidi hapo, tenganisha vitu vitatu vinavyofanana kwa macho: intaneti, simu, na njia kati ya simu na redio. Cheza wimbo uliokwisha kupakuliwa kwenye simu. Kisha isogeze ramani kwa kidole kwenye skrini ya gari.

Kama wimbo uliopakuliwa unacheza vizuri na ramani inasogea laini lakini inaacha vipande vya kijivu, ni intaneti. Pakua ramani ya eneo unalokwenda ukiwa nyumbani, na tatizo litapungua hata njia yenye mtandao hafifu.

Kama ramani inasogea kwa kurukaruka, fungua kioo cha simu ukiwa umeegesha gari, uisogeze ramani pale. Ikirukaruka hata kwenye simu, basi simu imelemewa: ina joto, hifadhi imejaa, au ipo kwenye hali ya kuokoa betri. Hali ya kuokoa betri inastahili kuangaliwa mapema, kwa sababu mtu anayeogopa kuishiwa chaji huiwasha, nayo inapunguza kasi ya simu kwa makusudi. Kwenye Android ingia mipangilio ya programu, tafuta Android Auto, kisha kwenye betri uchague “Unrestricted”.

Ikiwa kwenye simu ni laini na kwenye gari inarukaruka, njia ya kati ndiyo yenye kasoro. Chomeka kebo. Ikitulia papo hapo, Wi-Fi ndiyo chanzo, na sehemu inayofuata inakuhusu. Isipotulia hata kwa kebo, redio ndiyo nzito: prosesa dogo au programu nyingi zinazokimbia nyuma. Zima na uwashe redio, ondoa programu usizotumia, kisha ujaribu tena.

Adapta ndogo zinazogeuza gari la kebo kuwa la bila kebo huongeza kituo kimoja njiani. Simu inatuma kwa adapta, adapta inatuma kwa redio. Uchelewaji kidogo zaidi hapo ni sehemu ya bei unayolipa.

Dalili: bila kebo, picha inaganda au muunganisho unakatika

Kwa watumiaji wa huku, sababu inayoongoza ni hotspot. Redio nyingi za Android zilizofungwa kwenye magari yaliyotoka Japani hazina laini ya simu, kwa hiyo mwenye gari huwasha hotspot kwenye simu ili redio ipate YouTube. Kisha anataka redio hiyohiyo ipokee Android Auto au CarPlay bila kebo. Sasa Wi-Fi ya simu inatakiwa igawe intaneti na wakati huohuo irushe video, na Wi-Fi ya redio nayo inavutwa pande mbili. Matokeo ni picha kuganda kila baada ya dakika chache, au muunganisho kutokubali kabisa.

Zima hotspot. Kwenye redio, futa jina la hotspot ya simu yako ili isijiunge tena yenyewe. Washa Android Auto au CarPlay upya na uendeshe robo saa. Ikitulia, umepata chanzo, na kuna njia mbili za kuishi nacho: tumia kebo kwa skrini na hotspot iendelee, au hotspot itoke kwenye simu ya abiria. Mtoto wa kiti cha nyuma anayetumia bando lako analeta tatizo hilihili.

Kama hotspot haihusiki, angalia kama simu inakidhi masharti. Android Auto bila kebo inataka Android 11 au zaidi kwa simu nyingi, pamoja na Wi-Fi ya GHz 5. Simu kadhaa za bei ya chini zina GHz 2.4 peke yake, na hizo zitumie kebo. Kisha angalia kama tatizo linatokea unapotoka nyumbani tu: simu huenda bado inang’ang’ania Wi-Fi ya nyumbani wakati gari linapita getini. Zima Wi-Fi ya nyumbani ukijaribu siku moja.

Baada ya hapo, futa uhusiano wa zamani pande zote mbili. Kwenye simu, futa gari kwenye Bluetooth na kwenye orodha ya Android Auto. Kwa iPhone, ingia Settings, General, CarPlay, chagua gari, kisha “Forget This Car”. Kwenye redio, futa simu. Zima vyote viwili, washa, uunganishe upya.

Ikibaki vilevile, kinachofuata ni antena. Redio nyingi za kufunga baadaye zina waya mfupi wa antena ya Wi-Fi unaofungwa kwa skrubu nyuma. Fundi akiusahau, au akiubana kati ya redio na chuma cha dashibodi, mawimbi hudhoofika. Utaitambua hivi: muunganisho unatulia simu ikisogezwa karibu kabisa na redio, na unakatika ikiwa mfukoni. Kuitoa redio ni kazi ya fundi redio wa magari, kwa sababu nyuma ya dashibodi hupita pia waya za mifuko ya hewa. Usivute wala kupima soketi zenye maandishi SRS.

Dalili: kwa kebo, inakatika gari likipita tuta

Hili halihitaji maneno mengi. Zima simu, mulika tundu lake kwa tochi, na utoe vumbi lililogandamana kwa kijiti cha mbao cha meno, taratibu, kamwe si kwa sindano. Uchafu wa mfukoni huzuia kebo isiingie hadi mwisho, na kila mtikisiko unaikata.

Halafu, gari likiwa limesimama, tikisa kebo upande wa simu, kisha upande wa gari. Upande unaokata ndio mbovu. Kama ni upande wa gari hata kwa kebo mpya, tundu limelegea au mkia wa USB nyuma ya redio umetoka. Kwa fundi huo ni urekebishaji mdogo.

Simu ikichaji bila kuleta skrini kabisa, kebo hiyo huenda ina waya za umeme tu, haina za data. Jaribu kuhamishia picha kwenye kompyuta kwa kebo ileile. Isipokubali, hata gari haliwezi kukubali. Ikikubali, telezesha arifa za simu ya Android chini, gusa ile ya USB, uchague “File transfer / Android Auto”. Kwa iPhone, fungua kioo kwa nambari ya siri ndipo uchomeke.

Dalili: asubuhi gari haliwaki

Hii ni betri ya gari, lakini inaingia hapa kwa sababu redio au adapta ya bila kebo inaweza kuendelea kuwaka baada ya kutoa ufunguo. Redio ya kufunga baadaye huwa na waya wa njano wa umeme wa kudumu na mwekundu unaofuata ufunguo. Baadhi ya wafungaji huunganisha yote miwili kwenye umeme wa kudumu, na redio hailali kamwe.

Zima gari, toa ufunguo, funga milango, usubiri kama dakika kumi. Chungulia dirishani: taa ya redio au ya adapta bado inawaka? Simu yako bado inaonyesha imeunganishwa na gari? Ikiwa ndiyo, chomoa adapta kwanza na uangalie kama usiku unaofuata gari linawaka vizuri.

Uzito wake uko hivi. Redio inayovuta ampea 0.5 kuanzia Ijumaa saa mbili usiku hadi Jumatatu saa mbili asubuhi, saa 60, imekula saa-ampea 30. Betri ya gari dogo yenye saa-ampea 45 haitakuwa na nguvu ya kusukuma stata.

Hapa usijaribu kukata waya mwenyewe. Mpelekee fundi umeme wa magari, umwambie apime mkondo gari likiwa limezimwa na limelala. Kwa magari mengi kipimo kinapaswa kuwa chini ya miliampea 50 hivi. Kikiwa juu, achomoe fyuzi ya redio na apime tena. Kikishuka sana, waya mwekundu uhamishiwe kwenye umeme wa ufunguo, na fyuzi ya njano ibaki ya kiwango kilekile kilichoandikwa kwenye redio. Akitaka kuweka fyuzi kubwa zaidi ili “isikatike”, mkatalie, kwa kuwa waya mwembamba wa redio utaungua kabla ya fyuzi hiyo kukatika.